Mkebe wa Mama Mkwe

Ukitaka kumjua Sifuna Wepukhulu, usimtafute nyumbani wala kanisani. Nyumbani hasemi, na kanisani husinzia. Mtafute asubuhi kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara ya Saboti, umande ukiwa bado umelala kwenye nyasi, amevaa lile koti lake jeupe ambalo weupe wake siku hizi ni wa kuhadithiwa tu. Hapo ndipo utamkuta mtu kamili. Hata wale wanaompita njiani bila salamu, hapo husimama foleni na mikebe yao na kungoja neno lake.

Kazi yake ni kupima maziwa ya kikundi cha wafugaji wa pale. Ukimwuliza mwenyewe atakwambia, "Mimi nachemsha tu, bana." Lakini huko kuchemsha kuna namna. Kwanza hufungua kifuniko na kuinamisha pua haraka kabla harufu haijatoroka. Kisha hutazama rangi. Kisha hukoroga mkebe mpaka chini, kwa sababu maziwa yasiyokorogwa hukuonyesha uso na kukuficha tumbo. Halafu huchota kidogo sana, kijiko kimoja hivi, na kukitia katika mrija wa kioo. Kila mkebe na mrija wake. Mirija hiyo huisimamisha ndani ya sufuria ya maji yanayotokota juu ya jiko la gesi, na kuiacha kwa dakika chache.

Hapo foleni hunyamaza. Sifuna huinua mrija mmoja mmoja kwa kitambaa, akauinamisha kwenye mwanga. Maziwa mazima huteremka kwenye kioo laini, bila kuacha kitu. Maziwa yaliyoanza kuchachuka hukatika: utaona punje nyeupe zimeng'ang'ania ukutani mwa kioo, na nyakati nyingine yakaganda kabisa chini na maji yakabaki juu. Mrija ukionyesha punje, mkebe wake hurudi nyumbani. Haijalishi ni wa nani. Maziwa yanapoanza kuharibika hayapigi kelele. Yanaweza kudanganya pua, yakadanganya hata ulimi, lakini moto huwa hayaudanganyi. Na Sifuna alijua kwamba mkebe mmoja mbaya ukimiminwa kwenye mtungi mkubwa, hakuna mwenye macho ya kuyatenga tena. Samaki mmoja akioza, wazee walishamaliza maneno.

Hata Jerop, mwenyekiti wa kikundi, mwanamke mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, aliwahi kurudishiwa mkebe wake mbele ya foleni nzima. Ng'ombe wake alikuwa amezaa juzi tu, na maziwa ya mwanzo ya ng'ombe aliyezaa huganda yakiguswa na moto hata kama hayana uchachu. Jerop alifoka, akataja katiba ya kikundi, akataja Mungu, kisha akabeba mkebe wake akaenda kuwapikia ndama na watoto. Kesho yake alikuwa wa kwanza kumsifu Sifuna. "Huyu mtu haangalii sura ya mtu," alisema. "Hata mimi alinifukuza!"

Basi watu walimwamini, na naye alijiamini, na hapo ndipo shida ilipojificha.

Kwa maana kulikuwa na mkebe mmoja ambao Sifuna hakuwahi kuupima hata siku moja. Ulikuwa mkebe wa mama mkwe wake.

Asiyetoka kwetu asicheke kwanza. Mama Nasimiyu, ambaye Sandra na nduguze, watoto wa Sifuna, humwita Kukhu, yaani nyanya, alihamia Saboti kutoka upande wa Bungoma baada ya kufiwa na mumewe, ili awe karibu na binti yake Viola. Karibu, lakini si karibu sana. Mbukusu aliyelelewa akaleleka hasimami uso kwa uso na mama mkwe wake. Hampi mkono. Hakai naye kiti kimoja, hali mbele yake, na wakikutana njiani mmoja hukata kona. Kuna vijana siku hizi wanaosema hayo ni mambo ya zamani, wanapiga picha wamekumbatiana na mama wakwe zao. Sifuna hakuwa katika hao. Na Kukhu, ambaye alikuwa na Biblia mkononi na mila kifuani na hakuona vita kati ya hizo mbili, alikuwa amemzidi.

Kwa hivyo walikuwa na utaratibu wao, ambao hakuna aliyeupanga. Kukhu alikuja kabla ya watu wote. Aliweka mkebe wake juu ya jiwe bapa lililo mbele ya kibanda, akakohoa mara moja, akageuka akaenda zake nyuma ya ua wa michongoma. Sifuna, akisikia kikohozi, alihesabu pumzi zake ndani ya kibanda mpaka akajua mgongo umepotea, ndipo alipotoka kuuchukua. Aliufungua, akapokewa na harufu nzuri ya moshi, kwa sababu Kukhu aliufukiza mkebe wake kwa kijinga cha moto kama mama zake walivyofukiza vibuyu. Aliumimina kwenye mtungi wa kwanza na kuusuuza mwenyewe kwa mikono miwili. Kisha aliurudisha juu ya jiwe ukiwa safi kuliko ulivyokuja.

Kuchota maziwa ya mama mkwe na kuyachemsha mbele ya watu, kana kwamba unamshuku? Sifuna angeona heri achemshe mkono wake mwenyewe. Wala hakuwaza kwamba anampendelea. Aliona anamheshimu, na heshima, kama unavyojua, si utumwa, hata mtu anapofunga macho kwa sababu yake.

Kikundi kilikuwa na mnunuzi mmoja wa maana: Kinyua, mwenye hoteli ya chai na mandazi mjini Bungoma. Kila asubuhi Kigen, dereva wa pikapu, alifunga mitungi mikubwa kwa kamba na kushuka nayo mpaka Bungoma kabla jua halijakasirika. Kabla ya Kinyua, wanakikundi walikuwa wakihangaika na maziwa yao mtaani Kipsongo, wakiuza kikombe kikombe na kurudi jioni na mabaki yaliyochacha. Hakuna aliyetaka kurudi huko. Kinyua alikuwa mtu wa haki, alichukua yote, mvua na kiangazi, na sharti lake lilikuwa moja tu: maziwa yakae mazima mpaka yafike kwenye sufuria yake.

Mara ya kwanza mtungi mmoja ulipoharibika, Kinyua alisema ni bahati mbaya. Mara ya pili alipiga simu kwa Jerop, na Jerop akaja kibandani akiwa amefunga leso kiunoni.

"Sifuna, ati maziwa yetu yanaganda huko Bungoma?"

"Hayawezi."

"Hayawezi nini? Chai ya watu imekatika ndani ya sufuria! Kinyua anasema wateja wanaangalia vikombe hivi, halafu wanaangalia yeye. Ikifika ya tatu, anatafuta watu wengine. Amesema hivyo, na yule mtu huwa harudi nyuma."

"Mimi hupima kila mkebe," alisema, na wakati huo aliamini anasema kweli.

"Basi panda gari na Kigen leo, uende ukajionee. Na usirudi bila jibu, kwa sababu kesho kutwa watu wataniuliza mimi, na mimi nitakuuliza wewe."

Akapanda. Alikaa kando ya Kigen na koti lake jeupe amelikunja magotini, na njia nzima kupitia Kiminini hakusema neno. Kigen, aliyekuwa na ulimi usiojua kupumzika, alisema kwa niaba ya wote wawili. Alilaumu joto, alilaumu matuta ya barabara, alilaumu hata Kinyua mwenyewe kwa kuwa na sufuria chafu. Sifuna alikuwa akimsikia kwa mbali. Moyoni alikuwa akipita mkebe kwa mkebe, mrija kwa mrija, na kila mmoja aliuona umeteremka laini kwenye kioo.

Kinyua aliwapokea nyuma ya hoteli, penye moshi na majungu. Hakufoka. Laiti angefoka! Aliwakalisha kwenye mabenchi, akaagiza chai, kisha akaweka kisufuria kidogo juu ya makaa.

"Tangu ile siku ya pili na mimi nimejifunza," alisema. "Kila mtungi natoa kidogo, nachemsha hapa kwanza, ndio naruhusu uingie jikoni. Heri nipoteze kikombe kimoja kuliko sufuria nzima ya chai."

Sifuna alitikisa kichwa. Ndiyo kazi yake yenyewe hiyo, ikifanywa na mnunuzi kwa kuwa mpimaji ameshindwa. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Siku hiyo mitungi yote ilipita, chai ikachemka vizuri, na Kinyua akamwaga kile kidogo kwa paka.

"Siku zile mbili," Sifuna aliuliza polepole, "ilikuwa mitungi yote au mmoja?"

"Mmoja. Hiyo mingine ilikuwa sawa kabisa."

"Unakumbuka ni upi?"

"Nitasahau aje? Ule una kamba nyekundu kwenye mkono. Mara zote mbili, huo huo."

"Basi ni mtungi mchafu!" Kigen alirukia. "Si niliwaambia? Tuununulie sabuni, kwisha maneno."

Lakini Sifuna alikuwa ameweka kikombe chake chini. Mtungi wa kamba nyekundu haukuwa mchafu. Aliuosha mwenyewe kwa maji moto kila siku, na kuuanika jua. Mtungi wa kamba nyekundu ulikuwa ndio wa kwanza kujazwa. Na mkebe wa kwanza kumiminwa humo, asubuhi zote za Mungu, ulikuwa ule unaonukia moshi, ambao haukuwahi kukutana na mrija.

Akaelewa na mengine. Akaelewa kwa nini hakuona kitu pale Saboti: maziwa yenye uchachu kidogo yakichanganyika na mazima mengi, huenda hata moto usiyakamate mapema. Yanaondoka salama. Kisha vile vijidudu vya uchachu vinafanya kazi njia nzima, kwenye joto na mtikisiko, na kufika Bungoma mtungi mzima umegeuka. Na akaelewa kwa nini pua yake haikumsaidia. Moshi ulikuwa umeketi juu ya harufu nyingine yoyote.

"Niaje, mzee, mbona umenyamaza?" Kigen aliuliza walipokuwa wanarudi.

"Nimenyamaza tangu asubuhi," Sifuna akamjibu. Kigen akakubali kwamba ni kweli.

Jioni alimwambia mkewe. Viola alikuwa akichambua mboga. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Kwa hivyo unataka kusema mamangu anatia watu sumu."

"Sijasema sumu. Nimesema sijui. Na kazi yangu ni kujua."

"Mwambie Jerop apime hayo ya mama."

"Jerop hajui kupima."

"Basi nitamwambia mama mwenyewe akae na maziwa yake. Nitamwambia bei imeshuka, ama gari limeharibika."

Sifuna alifikiri juu ya hilo kwa muda mrefu, maana lilikuwa njia ya kutokea na halikumtaka ainue uso. Lakini Kukhu angekaa na maziwa yake bila kujua kwa nini, na siku moja angejua kutoka kwa mdomo wa mtu wa sokoni. Na mara ngapi yeye Sifuna amewarudishia watu mikebe mbele ya foleni, wajane, wagonjwa, mwenyekiti mzima, akiwaambia moto hauna ndugu? "Hapana," alisema. "Nitachemsha. Na nitachemsha yake kama ya wengine, watu wakiwepo." Viola alichambua mboga ile mpaka ikabaki vijiti.

Asubuhi iliyofuata kikohozi kilisikika kama kawaida. Sifuna alihesabu pumzi, akatoka, akauchukua mkebe. Lakini hakuumimina. Aliuweka chini kando ya sufuria na kungoja, na watu walipokuja mmoja mmoja, wakauona, wakaanza kutazamana. Jerop alifika, akauona, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu kikundi kianzishwe akaufunga bila kusema.

Sifuna alikoroga mpaka chini. Alichota kijiko chake, akajaza mrija, akausimamisha kwenye maji yanayotokota pamoja na ya wengine. Aliomba. Sitaficha, aliomba maziwa yale yawe mazuri, hata kama hilo lingemaanisha arudi kwa Jerop bila jibu. Kisha akauinua na kuuinamisha.

Punje zilikuwa zimeng'ang'ania kioo juu mpaka chini.

Alichukua mrija mwingine, akachota tena, akachemsha tena, maana mtu humpa mama mkwe nafasi ya pili hata asipomwambia. Ukaganda vilevile.

"Huu hauingii," alisema Sifuna. Sauti ilimtoka nyembamba, akairudia. "Huu mkebe hauingii. Na ni mimi sikuupima siku zile zote. Maziwa yaliyoharibika Bungoma ni mimi niliyaruhusu."

Akautoa nje mwenyewe, ukiwa na maziwa yake ndani, akauweka juu ya jiwe bapa na kufunga kifuniko. Kukhu, aliyezoea kurudi kuchukua mkebe mtupu watu wakishatawanyika, siku hiyo alirudi na kuukuta mzito. Sifuna alimwona kupitia tundu la msumari kwenye bati. Aliuinua, akahisi uzito wake, akausimamisha tena. Alisimama pale akiwa ameweka kiganja juu ya kifuniko, kama mtu anayempapasa mtoto kichwani kutafuta homa. Kisha akajitwika, akaenda. Hakukohoa.

Sifuna aliketi kwenye debe lililopinduliwa na kulia kidogo, kwa siri, kama wanaume wa kwetu wanavyolia, kwa kupenga kamasi sana.

Viola alikwenda kwa mama yake siku hiyo hiyo, akakaa huko mpaka jua likaanza kutua. Aliporudi, Sifuna alikuwa amejiandaa kwa matusi. Badala yake mkewe aliketi karibu naye.

"Ng'ombe ana mimba kubwa," alisema. "Maziwa yanakauka. Siku zingine asubuhi anatoa nusu mkebe tu."

"Nusu si kitu kibaya. Watu wengi wanaleta nusu."

"Yeye si watu wengi. Alisema ataletaje nusu mkebe kwa Baba Sandra, watu waone mama mkwe wa mpimaji anakuja na tone? Kwa hivyo siku ng'ombe akikataa, alikuwa anajaziliza na ya jana jioni. Alikuwa anayaweka jikoni kando ya mafiga yasilambwe na paka."

Kando ya mafiga! Katika joto la majivu, usiku kucha, ndani ya mkebe uliofungwa. Sifuna alifumba macho. Kila mwanakikundi aliambiwa siku ya kwanza: maziwa ya asubuhi tu, ya jioni kunyweni nyumbani, kwa kuwa hatuna mtambo wa kuyapoza. Kila mtu aliambiwa, ila mmoja. Maana nani angemwambia Kukhu? Si yeye. Yeye alikuwa akijificha nyuma ya bati akihesabu pumzi.

"Alisema nini kuhusu mimi?" aliuliza.

"Hakusema kitu. Aliuliza tu kama kweli ulichemsha mara mbili."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ndiyo. Akasema, 'Mara mbili,' halafu akaenda kukata majani ya ng'ombe."

Basi mama mkwe alikuwa akilinda heshima ya mkwe kwa kujaza mkebe, na mkwe akilinda heshima ya mama mkwe kwa kutoupima, na kati ya heshima hizo mbili chai ya watu wa Bungoma ilikuwa ikiganda. Wala hapakuwa na mwovu hata mmoja wa kulaumiwa, jambo ambalo lilimkera Jerop sana alipoelezwa.

Asubuhi zilizofuata jiwe bapa lilikaa tupu. Maziwa yalishuka Bungoma, mtungi wa kamba nyekundu ukiwemo, na Kinyua alimpigia Jerop simu kusema kila kisufuria alichochemsha kimetoka laini. Watu walifurahi. Sifuna alipongezwa hata na wale wa kumpita njiani, na pongezi zile zilimkaa vibaya kama kiatu cha mtu mwingine. Kila asubuhi aliingia kibandani mapema kuliko ilivyohitajika, akatega sikio asikie kikohozi, na kila asubuhi alisikia ndege tu.

Kisha ikaja Jumatatu moja ya ukungu. Foleni ilikuwa ndefu, Jerop akipanga watu kwa sauti yake, Kigen akipiga honi bila sababu. Ghafla maneno yakakatika kutoka nyuma kuja mbele. Sifuna akatoka mlangoni kuona kulikoni.

Kukhu alikuwa amesimama kwenye foleni. Si kabla ya watu, si baada ya watu. Kwenye foleni, waziwazi, kati ya mzee mwenye baiskeli na msichana mwenye mtungi. Alikuwa amejitanda leso kichwani na kugeuza uso upande wa michongoma, na Sifuna naye, mara alipomwona, akageuka akatazama ukuta wa mabati. Wakasimama hivyo, migongo ikitazamana, watu wakiwa katikati hawajui wacheke au wainamishe vichwa.

"Jerop," Kukhu aliita, kwa sauti ya mtu anayezungumza na ua. "Mwambie Baba Sandra nimeleta maziwa ya leo asupui. Ni nusu. Ng'ombe ametoa nusu, na mimi nimeleta nusu."

"Sifuna, amesema ni nusu," alisema Jerop, kana kwamba mtu alihitaji kuambiwa.

"Na umwambie achemushe yangu kwanza. Mbele ya watu. Halafu ndio achemushe ya hawa wengine."

Hakuna aliyelalamika kurukwa. Jerop aliuchukua mkebe, akaupitisha juu ya vichwa mpaka kibandani. Sifuna aliufungua. Hakukuwa na moshi. Mkebe ulikuwa umesuguliwa kwa maji moto na kuanikwa, na ndani yake maziwa yalinukia maziwa, joto la kiwele bado halijaisha. Alikoroga mpaka chini. Alichota kijiko. Mrija ukasimama peke yake kwenye maji yanayotokota, na watu wote wa Saboti wakautazama kama kwamba ndani yake kuna mtoto wao anayefanya mtihani.

Akauinua. Akauinamisha kwenye mwanga, juu, ili hata wa nyuma waone. Maziwa yaliteremka kwenye kioo, laini, yasiache hata punje moja.

Sifuna alitaka kusema neno la kazi, lile analowaambia wote, "Unaingia." Halikutoka. Ikabidi Jerop amgonge begani.

"Mwambie mama," alisema hatimaye, akiwa bado ameukabili ukuta, "maziwa yake ni mazuri. Mwambie nusu yake inatosha. Mwambie..." Akatafuta neno jingine, akalikosa. "Mwambie asante."

"Kukhu, amesema..."

"Nimesikia," Kukhu alisema. "Mimi si kiziwi."

Kisha akakohoa, mara moja, kile kikohozi chake, akageuka akaenda zake nyuma ya michongoma. Sifuna alihesabu pumzi zake mpaka akajua mgongo umepotea. Ndipo akatoka na ile nusu, akaimimina ya kwanza kwenye mtungi wa kamba nyekundu, akausuuza mkebe kwa mikono miwili na kuurudisha juu ya jiwe.